Papa wa bisi na zile elfu 27

Leo nawapa habari ya mzee mmoja niliyesafiri naye kutoka Lubumbashi kwenda upande wa Likasi. Jina lake simjui hata leo. Wasafiri wote walimwita Papa Reseveri, kwa sababu kazi yake ni kukusanya makuta ndani ya bisi, na umri wake ni wa baba wa shofere. Habari yenyewe ina aibu yangu ndani, lakini naona ni afadhali niieleze mwenyewe.

Mimi ni sekreteri wa kikundi chetu kidogo cha kuweka akiba. Tuko wamama 12. Kila mwezi kila mama analeta anachoweza, ila si chini ya elfu 10. Mama mmoja anatunza sanduku, mimi naandika kaye. Kila mama ana pia kadi yake nyumbani, ambayo mtunza sanduku anaiandika mama akishatoa makuta. Mimi mwisho wa mwezi nakusanya zile kadi, nanakili hesabu ndani ya kaye, halafu narudisha kadi kwa wenyewe.

Mwezi ule kaye ilisema 362.000. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya watu, tulikuta 335.000. Elfu 27 hazikuwepo.

Mnajua wenyewe namna mambo kama hayo yanavyoenda. Hakuna aliyesema neno la wizi siku ile. Watu walinyamaza tu, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya zaidi. Mtunza sanduku alihesabu mara mbili, mikono ikitetemeka. Akasema, "Mimi sijagusa kitu." Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama si mwezi ule mtoto wake alilazwa hospitalini. Ni kweli alilazwa. Tukaahirisha mambo kwa juma mbili, ili mkutano wa pili uamue kama atalipa au atatoka. Na mimi, sekreteri, mwalimu mwenye diploma ya pedagojia, nilijumlisha kaye yangu mara tatu kwa mashine ya hesabu ya telefone. Kila mara ilinipa 362.000. Basi nikasema moyoni: kaye ni sawa, tatizo ni sanduku.

Jumamosi kabla ya ule mkutano wa pili, nilipanda bisi kwenda Kapolowe kumwona mama mdogo. Ilikuwa Hayisi ya kawaida: watu 2 mbele karibu na shofere, na nyuma viti 4 virefu, kila kimoja watu 4. Jumla watu 18. Mimi nilikaa kiti cha tatu. Kaye ya kikundi ilikuwa ndani ya sakoshi yangu, maana nilitaka kuitazama tena njiani.

Bei ya siku ile ilikuwa elfu 12 mpaka Likasi, elfu 10 kwa anayeshukia Kapolowe, na elfu 8 kwa anayeshukia Luisha. Mnajua desturi: bisi ikishatoka mjini, kila kiti kinajikusanyia. Mtu mmoja anapokea ya wenzake, anarudisha chenji, halafu anapitisha mbele mpaka kwa reseveri. Katika kiti chetu alikusanya kijana mmoja. Wale wengine watatu, pamoja na yeye, walikuwa wa Likasi na walikuwa na makuta kamili. Mimi nilitoa noti ya elfu 20. Akanirudishia, nikakunja bila kutazama, nikafunga kwenye pembe ya kikwembe changu.

Papa Reseveri alisimama karibu na mlango, mgongo umeinama kidogo, na hakuwa na karatasi wala biki. Aliwauliza watu wanashukia wapi, akawatazama kiti kwa kiti, akatulia kidogo. Kisha akamwambia shofere, "Ni 196."

Mimi ninayefundisha darasa la tano nilishangaa. Nilichukua biki, nikaandika: watu 12 wa Likasi, 144. Watu 2 wa Kapolowe, 20. Watu 4 wa Luisha, 32. Jumla 196. Ilikuwa kweli. Nikamwuliza, "Papa, umefanyaje?"

Alicheka. "Sijumlishi kama ninyi wa shule. Nasema kwanza wote ni wa Likasi. Watu 18 kwa elfu 10 ni 180. Watu 18 kwa elfu 2 ni 36. Nafika 216. Halafu natoa pungufu. Mtu wa Luisha anapungua 4, nao ni 4, natoa 16. Mtu wa Kapolowe anapungua 2, nao ni 2, natoa 4. Jumla natoa 20. Imebaki 196. Wengi wako sawa, Mama. Kwa nini nibebe watu 18 kichwani, na walio tofauti ni 6 tu?"

Tuliendelea. Baada ya kituo cha kulipia barabara alikaa kwenye kigoda chake, akahesabu noti zote juu ya goti. Akahesabu tena. Kisha akasema polepole, "Nina 186."

Shofere hakungoja. Alipiga kelele huku macho yako barabarani: "Elfu 10! Ni mtu wa Kapolowe hajalipa!" Wa Kapolowe tulikuwa wawili. Mmoja alikaa mbele karibu naye, na alimwona akitoa. Basi nilibaki mimi. Watu walinigeukia. Mama mmoja wa kiti cha pili akasema, "Na jinsi alivyovaa vizuri!"

Wamama, sijui kama mmewahi kutazamwa hivyo. Nilisema nimelipa, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayedanganya. Nilimkumbuka mtunza sanduku wetu na mikono yake, lakini kwa sekunde moja tu, kwa sababu nilikuwa na hasira.

Mzee aliinua mkono. "Shofere, endesha. Elfu 10 ni tikiti ya Kapolowe, ndiyo. Lakini elfu 10 ni noti pia. Hesabu imesema kiasi. Haijasema jina la mtu."

Kisha akaanza kutafuta, na nataka mwone namna alivyotafuta. Hakuuliza nani hajalipa. Alirudi kiti kwa kiti. Mbele, alisema, nilipokea 22, mtu wa Likasi na wa Kapolowe, ni sawa. Kiti cha kwanza 48, nilihesabu, sawa. Cha pili 48, nilihesabu, sawa. "Cha tatu na cha nne vilinifikia pamoja pale pa kulipia barabara. Shofere alikuwa anadai makuta ya barabara, nikaviweka mfukoni bila kuhesabu. Kosa la kwanza ni langu."

Kiti cha nne walikuwa watu wa Luisha wote, 32. Kiti chetu kilipaswa kuwa 46. Viwili pamoja 78, na yeye alikuwa na 68. Basi upungufu ulikuwa nyuma, si mbele. Wa kiti cha nne walisema walitoa noti zao kamili, hakuna aliyerudishiwa chenji. Akamgeukia kijana wetu.

"Wewe uliyekusanya. Ninyi watatu wa Likasi mlitoa 36. Mama alitoa noti gani?"

"Elfu 20, Papa."

"Basi mkononi mwako ziliingia 56. Ulimrudishia mama ngapi?"

"Elfu 10. Noti moja."

"56 ukitoa 10 inabaki 46. Lakini mimi nimepata 36. Maana yake mkononi mwako zilitoka 20, si 10." Kisha akanigeukia mimi, bila ukali. "Binti yangu, fungua kile walichokurudishia. Taratibu."

Nilifungua pembe ya kikwembe. Noti ya elfu 10, mpya, bado ngumu. Niliisugua kwa vidole, na nyuma yake ikatokea ya pili, imeshikamana nayo kama karatasi moja.

Bisi nzima ilicheka, hata shofere. Nilirudisha noti ile, nikaomba msamaha, na kijana naye akaomba msamaha. Mama wa kiti cha pili akatazama dirishani. Kwa kweli shofere hakukosa kabisa: mtu wa Kapolowe alikuwa hajalipa. Ila mtu huyo mwenyewe hakujua, na wala hakuiba.

Pale Luisha wanne walishuka, na shofere akasimama kidogo ili watu wanunue viazi na makala. Nilimfuata mzee chini ya mti. Nilimwambia, "Papa, wewe ungekuwa na kaye hii ungefanya nini?" Nikamweleza yote: 362 ndani ya kaye, 335 ndani ya sanduku, na yule mama anayengoja kuhukumiwa kesho.

Hakuichukua kaye. Aliuliza tu, "Imepungua ngapi?"

"Elfu 27."

"27 igawe kwa 9."

"Ni 3. Hakuna kinachobaki."

"Basi usianze na sanduku. Anza na kaye."

Aliniambia kwamba ujanani aliuza tikiti za treni, na kila jioni makuta yalipaswa kulingana na kitabu. Mtu mmoja wa kutunza vitabu alimfundisha hivi: kiasi kinachopungua kikigawanyika kwa 9, tafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Mtu ameona 25, mkono ukaandika 52.

Nilifikiri hayo ni mambo ya bahati. Lakini nilipokaa tena ndani ya bisi nilifanya hesabu, na niliona haya kwamba sikuwahi kuwafundisha watoto wangu. Katika 52, ile 5 imekaa mahali pa makumi, basi ina thamani ya 50. Ukiihamisha mahali pa mamoja, inakuwa 5 tu, imepoteza 45. Ile 2 ilikuwa 2, sasa imekuwa 20, imepata 18. Toa 18 kwenye 45, inabaki 27. Kila kipande cha tarakimu kinachohama kutoka makumi kwenda mamoja kinapoteza 9, kwa sababu kilikuwa 10 na sasa ni 1. Ndiyo maana tofauti lazima iwe 9, au 18, au 27, na kuendelea. Na ukigawa tofauti hiyo kwa 9, unajua tarakimu zenyewe zinaachana kwa ngapi. Kwetu jibu ni 3. Basi nilipaswa kutafuta namba ambayo tarakimu zake zinaachana kwa 3: kama 41, 52, 63, 74. Na kwa kuwa kaye ilizidi sanduku, tarakimu kubwa lazima iwe imetangulia.

Nikafungua kaye. Mistari 12, kwa maelfu, ilikuwa hivi: 18, 20, 52, 35, 40, 15, 24, 30, 45, 28, 33, 22.

Nilipita na kidole. 18, hapana, kubwa haikutangulia. 20, zinaachana kwa 2. 52, ndiyo. Niliendelea mpaka mwisho, maana mzee alisema usisimame kwenye ya kwanza. 30 nayo inafaa: 3 na 0 zinaachana kwa 3, na mtu akiandika 3 halafu akaongeza sifuri moja bure, anazidisha kwa 27 vilevile. Lakini kwetu hakuna anayeweka elfu 3, sheria ni elfu 10 na kuendelea. Basi 30 ikatoka. Ulibaki mstari mmoja, wa mama anayeuza fretini sokoni.

Ndipo nilipotazama mwandiko. Si wa mtunza sanduku, yeye hagusi kaye. Ni mwandiko wangu. Mimi ndiye niliyenakili kutoka kwenye kadi, usiku, mwisho wa mwezi, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Na ile mashine ya telefone niliyoiamini mara tatu ilijumlisha vizuri kabisa namba ambayo mimi niliiandika vibaya. Kujumlisha tena na tena hakuonyeshi kosa la kunakili. Kunathibitisha tu kwamba kosa lako limejumlishwa vizuri.

Niliposhuka njia panda ya Kapolowe nilimwuliza mzee swali la mwisho: "Na kama kadi ya mama huyo inasema kweli 52?"

Alinijibu, "Basi utafute tena. 9 inakuonyesha mlango wa kugonga. Haisemi nani yuko ndani. Mwizi naye anaweza kuchukua 27." Akapiga bati la bisi mara mbili, shofere akaondoka.

Hilo nalo tulishike, wamama. Upungufu ukiwa 10, au 20, au 25, haugawanyiki kwa 9, na hapo kugeuza tarakimu peke yake hakuwezi kuwa sababu. Tazama kwanza kama kiasi hicho ni sawa na mchango wa mtu mmoja ambaye labda aliandikwa mara mbili, au ni sawa na noti moja. Na makosa mawili yakiingia mwezi mmoja, yanaweza kujificha moja nyuma ya lingine. Kwa hiyo kanuni hii ni ya kuanza kutafuta. Ya kumaliza ni kadi.

Jioni ile nilirudi Lubumbashi kwa bisi nyingine, na sikwenda nyumbani kwangu kwanza. Nilikwenda kwa mama wa fretini. Nilimwomba kadi yake bila kumwambia ninachotafuta, ili asije akanijibu kwa kunifurahisha. Aliitoa chini ya godoro. Mwezi ule: 25.000, na sahihi ndogo ya mtunza sanduku pembeni.

Toa 27 kwenye 362. Inabaki 335. Ndiyo makuta yaliyokuwa ndani ya sanduku tangu siku ya kwanza, hata franka moja haikupungua.

Jumapili nilisimama kabla ya sala ya kufungua. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wa serikali. Nilionyesha kaye, nikaonyesha kadi, nikasema kosa ni langu, na kwamba nilimwacha mwenzetu juma mbili akiitwa mwizi bila kuitwa. Wengine walipiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alikaa na mikono yake mapajani, mtoto wake mgonjwa amempakata, amekwisha kupona. Baadaye tu, tulipokuwa tunakunja mikeka, aliniambia: "Mwalimu, usiku mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nilizichukua."

Neno hilo halijanitoka.

Kisha akaomba jambo moja, nalo tumelifanya sheria. Sasa sinakili tena peke yangu usiku. Kadi zinasomwa kwa sauti mbele ya wote, mimi naandika, na mtunza sanduku anarudia ninachoandika. Na kila kiasi nakiandika mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno: 25.000, elfu ishirini na tano. Ni yeye aliyeona hilo, yeye aliyeachia shule mwaka wa nne. Alisema mkono uliochoka unaweza kugeuza 25 kuwa 52, lakini hakuna mkono unaoandika "hamsini na mbili" wakati macho yanasoma "ishirini na tano".

Na shuleni, darasa langu la tano sasa wanajua kutafuta kwa 9. Watoto wameipa jina lao: hesabu ya Papa wa bisi.